Andika Wete, usiandike Dar: maswali mawili ya kumuuliza afisa ajira

Vijana wengi wa Unguja na Pemba wanaoomba kazi bara huandika kwenye wasifu wao kwamba wanakaa Dar es Salaam. Huazima anwani ya mjomba wa Tabata au ya rafiki wa Mbagala, wakiamini kwamba wakala wa ajira akiona neno Pemba tu ataliweka ombi lao kando. Khofu hiyo haikuzuka bure, kwani yapo matangazo yanayosema waziwazi kwamba mwombaji awe mkazi wa Dar. Lakini mimi nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi za utumishi, kwanza Unguja na baadaye bara, nikiwa upande wa wanaoyasoma maombi hayo, na naamini kwamba anwani ya kuazima inamgharimu mwombaji kuliko inavyomsaidia. Inamziba mdomo pale anapohitaji kuuliza mambo mawili yenye uzito mkubwa kwa mtu wa visiwani: kampuni itanisaidiaje kuhama, na je, sehemu ya kazi hii naweza kuifanya nikiwa mbali?

Aliyejitia mkazi wa Dar hana njia ya kuuliza gharama za kuhama. Ataulizwa anahama kutoka wapi.

Liko na jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Katika kifungu cha 15, miongoni mwa mambo yanayotakiwa kuandikwa yamo mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na kila kimoja kina kazi yake. Mahali alipoajiriwa ndipo panapotumika katika kifungu cha 43, kinachosema kwamba mkataba ukimalizikia mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, mwajiri ama amsafirishe yeye na vitu vyake hadi huko, ama alipie usafiri huo, ama ampe posho ya nauli pamoja na fedha za kujikimu kwa siku atakazokuwa akisubiri kusafirishwa. Ukiandika kwamba uliajiriwa Dar, siku ya kuachishwa kazi Dar unahesabiwa kuwa uko nyumbani. Mizigo yako na nauli ya kurudi Pemba vinakuwa juu yako.

Kifungu hicho hicho kina neno linalotuhusu sisi wa visiwani kuliko mtu wa Morogoro au Dodoma. Kinasema posho ya nauli isipungue nauli ya basi hadi kituo cha basi kilicho karibu na mahali mtu alipoajiriwa. Basi haliendi Pemba. Mwajiri mbishi anaweza kukuhesabia nauli ya basi hadi Tanga akasema ameitimiza sheria, kisha bahari uivuke mwenyewe. Ndiyo maana nawaambia vijana wasitosheke na neno "Pemba" kwenye mkataba, bali waombe iandikwe kwamba usafiri wa kurudi ni pamoja na boti au meli hadi bandari ya Mkoani au Wete. Ni sentensi moja, na wakati wa kuiomba ni kabla ya kusaini, mwajiri angali anakutaka.

Sheria hiyo inazungumzia kurudi. Kwenda ni makubaliano, na makubaliano hayo huanzia kwenye ujumbe unaomwandikia afisa ajira.

Nitaeleza kisa cha kijana mmoja wa Wete, mhasibu, ambaye aliniletea rasimu ya ujumbe wake kabla hajautuma. Wakala wa ajira wa Dar alikuwa amemwandikia kuhusu nafasi ya mhasibu wa ghala katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa, mshahara ghafi 1,200,000 kwa mwezi, akamuuliza kama anaitaka na kama anaweza kufika kwenye usaili wiki inayofuata. Naye alikuwa ameandika hivi: "Nashukuru sana kwa nafasi hii. Naomba kujua, je, kampuni inatoa msaada wa kuhama? Na je, inaruhusu kufanya kazi nikiwa nyumbani?"

Ujumbe wenye adabu, na hata hivyo ungemharibia. Maswali yote mawili yanajibika kwa neno "hapana", na mtu mwenye maombi mengi mezani hulichukua jibu fupi. Tena yakikaa pamoja namna hiyo yanasomeka kama mtu asiyetaka kuhama, anayeuliza kuhama kwa kuzuga tu. Kubwa zaidi, hayana cha kupeleka mbele. Wakala wa ajira hana mamlaka juu ya fedha ya kampuni, kwani yeye analipwa na mwajiri ili amtafutie mtu. Kila jambo la fedha au la mahali pa kazi lazima alipeleke kwa meneja anayeajiri au kwa mkuu wa utumishi. Ukimwandikia swali la jumla, itambidi alitungie sura yeye mwenyewe, na mara nyingi hatahangaika. Ukimwandikia ombi lenye kiasi, tarehe na sababu, analinakili lilivyo na kulituma. Mimi mwenyewe nikiwa ofisini nilifanya hivyo mara nyingi, na niliona kwamba meneja hukubali upesi jambo analoweza kulijibu kwa mstari mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote tulikaa tukapiga hesabu. Watu wakifikiria kuhama kwenda Dar hufikiria nauli ya boti, na waajiri nao ndiyo wanayoitaja kwanza: "nauli tutakulipia." Nauli ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kinachomwangusha mgeni Dar ni kodi ya nyumba, kwa sababu wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kijana wetu alikuwa ameulizia chumba na sebule kwa 200,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 1,200,000, na dalali 200,000. Godoro, jiko la gesi, vyombo na pazia tulivikadiria 350,000. Mshahara wa kwanza hutoka mwisho wa mwezi, hivyo chakula na daladala za mwezi huo tukaweka 300,000. Jumla ni 2,050,000, nauli haimo.

Tukageukia mshahara. Katika 1,200,000, asilimia 10 inakwenda NSSF, ambayo ni 120,000. Kodi ya mapato inakatwa kwenye 1,080,000 inayobaki, na kwa viwango vya bara inafika 152,000. Mkononi anapata 928,000. Maana yake ni kwamba kuhama kunamtaka awe na zaidi ya mshahara wake wa miezi miwili kabla hajalipwa hata senti moja. Yeye alikuwa na akiba ya 550,000, kwa hiyo pengo lilikuwa 1,500,000 kamili.

Hapo ndipo unapojua uombe nini. Kampuni kubwa zenye utaratibu wa posho ya kuhama zitakutajia zenyewe kiwango chao. Kampuni ya kati kama hii mara nyingi haina kifungu cha fedha hizo, na ukiomba posho utajibiwa kwamba haimo kwenye bajeti, nalo litakuwa jibu la kweli. Lakini karibu kila kampuni inaweza kutoa mshahara wa awali, yaani fedha unayotangulizwa kabla hujaifanyia kazi, unaokatwa kidogo kidogo, kwa sababu fedha hiyo inarudi. Kijana alikuwa akiona aibu kuomba mkopo kabla hajaanza kazi. Mimi sioni aibu hapo. Aibu ni kuhamia Dar ukalala kwenye sebule ya watu kwa miezi mitatu, ukichelewa kazini kila siku kwa sababu nyumba ya mjomba iko mbali na ghala, kisha mwajiri akakuhesabu kuwa mvivu.

Kuhusu kazi ya mbali, tulitazama kazi yenyewe kabla ya kutazama matakwa ya moyo. Mhasibu wa ghala hawezi kuhesabu magunia akiwa Wete. Siku za kuhesabu bidhaa na za kufunga mwezi lazima awepo. Lakini kulinganisha hesabu za benki, kupitia ankara na kuandaa ripoti ni kazi za kwenye kompyuta. Basi swali halikuwa "mnaruhusu kazi ya mbali?" bali "je, siku hizi za mwezi, kwa kazi hizi, baada ya muda wa majaribio?" Mwajiri anapoona umeshatenganisha kazi inayomtaka mtu na ile isiyomtaka, anaamini kwamba unaielewa kazi yake.

Ujumbe ulioondoka ulikuwa huu:

"Ndugu Afisa Ajira, habari za kazi. Nashukuru kwa ujumbe wako na nafasi hii naitaka. Ninaishi Wete, Pemba, na niko tayari kuhamia Dar es Salaam ndani ya wiki mbili baada ya kupata barua ya ajira. Naomba uniulizie mambo mawili kwa mwajiri. Kwanza, kuhama kutanigharimu takriban shilingi 2,050,000, kubwa ikiwa kodi ya miezi sita. Sehemu yake ninayo. Naomba mshahara wa awali wa shilingi 1,500,000, ukatwe 150,000 kwa miezi kumi, pamoja na nauli ya kwenda. Pili, baada ya muda wa majaribio, je, naweza kufanya kazi nikiwa Pemba kwa siku tano kila mwezi, katikati ya mwezi, kwa kazi za ulinganishi wa benki na ripoti? Siku za kuhesabu bidhaa na kufunga mwezi nitakuwa ofisini. Majibu ya maswali haya hayazuii usaili. Kwa usaili wa kwanza naomba tukutane kwa video, siku na saa utakayopanga. Nashukuru."

Wapo watakaosema ni mapema mno, asubiri apewe kazi kwanza. Siafikiani nao. Ukisubiri hadi barua ya ajira itoke, bajeti ya nafasi hiyo imeshafungwa, na meneja anahisi umemfichia jambo. Ukilitanguliza kwenye barua ya maombi kabla hujajulikana, unasomeka kama mzigo. Wakati wake ni pale wanapokutafuta wao au wanapokuita kwenye usaili, hasa wakikuuliza unatarajia mshahara gani, kwa sababu mshahara na gharama ya kuufikia vinajadiliwa pamoja. Ile sentensi ya "hayazuii usaili" nayo inamwondolea wakala wasiwasi kwamba ukikataliwa utamkimbia.

Ombi la usaili kwa video lilikuwa na faida nyingine. Mtu wa Dar akisikia Pemba na kazi ya mbali, kinachomjia kwanza ni umeme na mtandao. Pemba imeunganishwa na umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Wesha tangu mwaka 2010, lakini umeme bado hukatika, na kumdanganya mwajiri kwamba haukatiki ni kujichongea. Kijana aliingia kwenye usaili akiwa na laini za makampuni mawili na kompyuta iliyojaa chaji. Mtandao wa kwanza uliposuasua alihamia wa pili, akaendelea na jibu lake. Usaili wenyewe ukawa ushahidi kuliko maelezo yoyote ambayo angeandika.

Jibu lilikuja kwa simu, kama ilivyo kawaida. Mshahara wa awali wameukubali wote. Nauli watalipa, ila ya kwake peke yake, na mke akimfuata atajilipia. Kazi ya mbali wamekataa kwa sasa, wakasema itazungumzwa baada ya miezi sita.

Katika nauli ile kuna jambo la kodi ninalopenda watu walijue. Kampuni ikikupa "posho ya kuhama" kama fedha taslimu ndani ya mshahara, inakatwa kodi kama mshahara, na kwa mtu aliyevuka milioni moja ya kutozwa kodi hiyo ni asilimia 30. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiihesabu kama kipato nauli halisi ya mfanyakazi, mwenza wake na watoto wao hadi wanne kwenda au kutoka mahali pa kazi, ikiwa makazi yake yako zaidi ya maili 20 kutoka hapo na ameajiriwa kwa ajili ya kazi ya mwajiri huyo tu. Kwa hiyo waombe walipie tiketi zenyewe au wakurudishie kiasi kile kile kwa risiti. Anwani ya Wete inakusaidia hapa pia, kwa maana aliyeandika Tabata hana maili 20 za kuonyesha.

Lile jibu la kazi ya mbali lilimvunja moyo kidogo, nami nilimweleza kwamba angekubaliwa angekuwa na maswali mengine ya kuuliza. Mtu anayefanya kazi siku tano kwa mwezi akiwa Pemba bado mahali pake pa kazi ni Dar. Lakini anayefanya kazi yote akiwa Chake Chake au Wete lazima aulize mkataba utaandika mahali gani pa kazi, kwa sababu ajira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Nimeona vijana waliofanyia kazi kampuni za bara wakiwa visiwani bila kuandikishwa mfuko wowote, kila upande ukidhani upande wa pili umeshafanya. Swali la kumuuliza afisa ajira ni jepesi: "Mahali pangu pa kazi pataandikwa wapi, na michango yangu itapelekwa NSSF au ZSSF?" Akishindwa kujibu, asitoe ahadi mpaka ameuliza.

Na ile mipango ya nusu ofisini nusu nyumbani ipimeni kwa ramani. Kwa mtu wa Unguja, siku mbili za ofisini Dar kila wiki zinawezekana kwa boti ya mwendo wa takriban saa mbili, ingawa nauli na malazi vitaula mshahara, na miezi ya kusi bahari ikichafuka safari huahirishwa. Kwa mtu wa Pemba mpango huo kwa kweli ni kuhama kulikopewa jina jingine, na ni bora aombe msaada wa kuhama moja kwa moja.

Kabla ya kusaini, tulikuta kwenye rasimu ya mkataba kifungu kisemacho kwamba akiacha kazi kabla ya mwaka mmoja atarudisha gharama zote za kuhama. Kifungu cha namna hii si dhuluma, kwani mwajiri naye anajilinda. Kilichokosekana ni kipimo. Tuliomba kiandikwe kwamba deni la nauli linapungua sehemu moja ya kumi na mbili kila mwezi anaoumaliza, na kwamba halimhusu kabisa ikiwa kampuni ndiyo itakayomwachisha. Walikubali bila mjadala. Nadhani hakuna aliyewahi kuwauliza.

Neno moja kuhusu matapeli, maana nao wanaijua hamu ya watu ya kuhama. Anayekuambia kampuni itakupa nyumba na usafiri, ila utangulize fedha ya usajili au ya kukukatia tiketi, huyo hana kazi ya kukupa. Msaada wa kuhama unatoka kwa mwajiri kuja kwako. Ukielekea upande mwingine, kata mawasiliano.

Kwa kuwa jibu lilikuwa la simu, jambo la mwisho lilikuwa kuliweka kwenye maandishi siku ile ile. Alimwandikia wakala kwa baruapepe: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba mwajiri atatoa mshahara wa awali wa shilingi 1,500,000 utakaokatwa 150,000 kwa miezi kumi, atalipa nauli yangu kutoka Wete hadi Dar es Salaam, na kwamba kazi ya mbali itajadiliwa baada ya miezi sita. Naomba mkataba uandike mahali nilipoajiriwa kuwa ni Wete, Pemba, na usafiri wa kurudi uwe pamoja na boti. Kama nimekosea popote, naomba unisahihishe." Wakala alijibu kwa neno moja, "Sawa", na mkataba ulipokuja ulikuwa na Wete mahali pake. Boti hawakuiandika. Aliurudisha na mstari huo mmoja, akausaini ulipoletwa tena.